Siku tuliyobishana kuhusu x ln x + 1

Mwaka wa kwanza chuo tulikuwa na grupu letu la diskasheni, darasa tupu baada ya vipindi, watu wachache na ubao, na mimi ndo nilikuwa mwandishi wa ubaoni kwa sababu tu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Siku moja, testi ya kalkulasi ikiwa inanukia, tukafika kwenye swali ambalo kwa kuliangalia lilikuwa jepesi kabisa, mstari mmoja tu halafu chini yake "je, inakonvaji? toa sababu":

```
∫₂^∞ dx / (x ln x + 1)
```

Kitu cha kwanza kila mtu alijaribu ni kuintegreti moja kwa moja, na haikukubali. Ile +1 inaharibu kila kitu. Ukiweka u = ln x, chini inabaki u·eᵘ + 1 na juu eᵘ, hakuna pa kutokea. Tukakaa kimya kidogo, halafu ubishi ukaanza, na ulikuwa ubishi mzuri maana watu wawili walikuwa na majibu tofauti na kila mmoja ana uhakika na lake.

Wa kwanza alikuwa jamaa mmoja wa kompyuta, huyu kila swali analipeleka kwenye laptopu kwanza. Akaandika kaprogramu kake kanajumlisha eneo kutoka 2 mpaka namba kubwa, akaenda mpaka milioni, milioni kumi, milioni mia, bilioni. Akanigeuzia skrini niandike ubaoni kiasi kinachoongezeka kila anapozidisha mwisho mara kumi: kutoka milioni mpaka milioni kumi inaongezeka kama 0.154, hatua inayofuata 0.134, inayofuata 0.118. "Si mnaona inapungua? Inaelekea kutulia hiyo, inakonvaji, tuendelee na swali lingine." Na kweli kwa macho ilikuwa inashawishi, umeenda mpaka bilioni halafu jumla yote haijafika hata 4, nani angesema hii kitu haina mwisho.

Wa pili alikuwa dada mmoja mtulivu wa kule mbele, yeye akasema hapana, inadaivaji, na sababu anayo: kwa x kuanzia 2, x ln x + 1 ni kubwa kuliko x, kwahiyo fanksheni yetu iko chini ya 1/x, na 1/x tunajua inadaivaji toka darasani, basi na hii inadaivaji. Nusu ya grupu ikakubali palepale. Mimi nikawa nimeshika chaki tu sijui niandike ya nani.

Hapo ndo akaingia kaka mmoja wa mwaka wa tatu, alikuwa anatafuta soketi ya kuchajia simu wala hakuja kwa ajili yetu, akachomeka, akasimama kuangalia ubao, akacheka. Akamgeukia yule dada: "Jibu lako sahihi mdogo wangu, ila sababu uliyotoa haifai. 1/x² nayo iko chini ya 1/x. Nayo inadaivaji?" Kimya. Kila mtu anajua ya 1/x² kuanzia 1 inatoa 1 kamili, na kuanzia 2 inatoa nusu. Kuwa chini ya kitu kinachodaivaji hakukwambii chochote, unaweza ukadaivaji unaweza usidaivaji, nafasi ipo ya kutosha huko chini kwa wote wawili.

Halafu akaniambia mimi nifute kila kitu nianze upya, na kabla ya kulinganisha na chochote niandike kwanza hiyo integrali maana yake ni nini. Nikaandika:

```
lim (b→∞) ∫₂^b dx / (x ln x + 1)
```

Akasema sasa hapo ndo pa kuanzia, kwa sababu ∞ sio namba ya kuweka kwenye fomula. Mpaka kwenye b, ambayo ni namba ya kawaida, una eneo la kawaida, lina thamani, hakuna ubishi. Swali lote ni kwamba hilo eneo linafanya nini b inapokua. Na kwa sababu fanksheni yetu ni chanya kila mahali, eneo linaweza kupanda tu, haliwezi kushuka, kwahiyo kuna njia mbili tu: ama kuna dari juu yake halivuki, hapo limiti ipo, ama hakuna dari, hapo linaenda bila mwisho. Ndo maana kulinganisha kunafanya kazi: unatafuta fanksheni ya juu yako yenye eneo lenye mwisho ikuwekee dari, au fanksheni ya chini yako isiyo na mwisho ikusukume juu. Akaongeza kwamba bila hiyo chanya mambo yanabadilika, cos x kutoka 0 mpaka b inatoa sin b, ina dari, haivuki 1 wala haishuki chini ya −1, lakini inapanda na kushuka milele, limiti haina. Hilo la cos x nililiandika pembeni ya daftari na nikalizungushia duara, maana mwalimu alikuwa amelipita kasi sana darasani.

Sasa ikabaki kutafuta ya kulinganisha nayo. Mtu akasema tutoe ile +1, tubaki na 1/(x ln x), hiyo inaintegretika. Kaka akauliza ukiitoa, asili inakuwa ndogo au kubwa? Ndogo. Sehemu inakuwaje? Kubwa. Basi umepata kitu cha juu yako, na ngoja tuone chenyewe kinafanya nini. Tukakifanya, na hii ilikuwa rahisi, u = ln x, du = dx/x, mipaka inakuwa ln 2 na ln b:

```
∫₂^b dx/(x ln x) = ln(ln b) − ln(ln 2)
```

b ikienda ∞, ln b inaenda ∞, na ln ya hiyo nayo inaenda ∞. Taratibu mno, lakini inaenda. Inadaivaji. Kwahiyo tumerudi palepale pa yule dada, kitu kinachodaivaji kiko juu yetu, hakitusaidii.

Nakumbuka hapa ndo palinikaa kichwani kuliko sehemu nyingine yote. Akasema kama unashuku inadaivaji, unatakiwa ushuke chini, yaani asili uifanye KUBWA zaidi sio ndogo, kwahiyo ile 1 usiitoe, ibadilishe na kitu kinachoizidi ambacho kinafanana na mwenzake. Mwenzake ni x ln x. Je 1 ni ndogo kuliko x ln x? Yule dada ndo akajibu, akapiga 2 ln 2 akapata 1.386, na x ln x inaongezeka tu kuanzia pale, kwahiyo ndiyo, kwa x yote kuanzia 2. Basi x ln x + 1 haizidi x ln x + x ln x, yaani 2x ln x. Nikaandika:

```
1/(x ln x + 1) ≥ 1/(2x ln x),   x ≥ 2
```

Ya kulia ni nusu tu ya ile tuliyoifanya, na nusu ya kitu kisicho na mwisho haina mwisho. Imeisha. Mistari mitatu, baada ya kelele zote zile. Yule dada akaikopi upya kwenye daftari lake akapigia mstari ile alama ya ≥, maana jibu lilikuwa lake tangu mwanzo, ila sasa lina miguu.

Jamaa wa kompyuta hakukubali. Akasema basi namba zangu zinadanganya? Kaka akamwambia hazidanganyi, ni sahihi kabisa, we ndo unaziuliza kitu ambacho haziwezi kujibu. Akachukua chaki mkononi mwangu akaonyesha: ukitoka milioni kwenda milioni kumi, ln(ln b) inaongezeka kwa ln(7/6), ambayo ni 0.154. Inayofuata ln(8/7), 0.134 hivi. Inayofuata ln(9/8), 0.118. Yaani zilezile za kwenye skrini, maana huko mbali ile +1 haionekani tena. Zinapungua ndiyo, ila zinapungua kama 1/n, na kujumlisha za namna hiyo hakuishi. Ukitaka uongeze 0.69 nzima inabidi b uipandishe kipeo cha pili, kutoka milioni uende milioni ya milioni. Halafu akamuuliza, ili jumla ifike 10 unahitaji b ya ukubwa gani? Tukakokotoa wote na kalkuleta, ukitumia 1/(x ln x), ambayo ni kubwa kuliko yetu, unatakiwa ln b ifike kama 15,270, yaani b yenye tarakimu zaidi ya 6,600. Jamaa akaangalia laptopu yake, akaifunga.

Mi nikadhani tumemaliza ila kaka akasema kabla sijaondoka fanyeni hii, akaandika ileile ila ln x ikiwa na kipeo cha pili, dx / (x (ln x)² + 1). Safari hii dada hakusubiri. Ukitoa +1 unapata ya juu yako, 1/(x (ln x)²), na kwa u = ln x hiyo inakuwa 1/u², eneo lake ni 1/ln 2 − 1/ln b, limiti yake 1/ln 2, kama 1.443. Ya juu yako ina mwisho, kwahiyo una dari, inakonvaji, na jibu lake kamili ni chini ya 1.443 hata kama hatulijui. Ile +1 iliyotutesa kwenye swali la kwanza hapa unaitoa tu bila kufikiria, inaanguka upande unaoutaka wenyewe.

Jamaa wa kompyuta akafungua tena laptopu (nilijua tu) akaipima na hii. Kutoka milioni mpaka milioni kumi iliongezeka kama 0.010, inayofuata 0.008. Akasema hii angalau inaonekana inakonvaji. Kaka akiwa anachomoa chaja akamjibu kwamba hata hapo usiiamini kwa macho, ukifika bilioni bado kuna kama 0.048 haijaingia, na ili ibaki 0.01 tu inabidi ln b iwe 100, yaani b ipite 10 kwa kipeo cha 43. Jamaa akauliza sasa kompyuta inasaidia nini kwenye haya mambo, akaambiwa abadilishe x kuwa eᵘ kabla ya kuiandikia programu, kisha kipande cha mwisho akifunge kwa ulinganisho uleule wa ubaoni, 1/ln b. Akaanza kuandika palepale, sisi tukaenda swali la saba.