Nilivyoziba mapengo ya barabara kwa kuyageuza kwanza kuwa mikia

Tulichora barabara za Vingunguti, Kiwalani na eneo la Tazara, Dar es Salaam, juu ya picha ya setilaiti, kisha nikajaribu kutafuta njia fupi kati ya nyumba mbili za Kiwalani zilizoachana mita 120 hivi. Programu ikanipa njia ya zaidi ya kilomita 1, ingawa kwenye skrini barabara zilionekana zimegusana. Nilipokuza picha nikaona uchochoro umeishia sentimita 70 kabla ya kufika barabara kubwa. Kwa jicho hapo ni makutano, lakini kwa mtandao ule ni mwisho wa njia.

Makosa yalikuwa ya aina mbili: pengo, yaani ncha haijafika, na mkia, yaani ncha imevuka barabara na kuning'inia upande wa pili. Mkia nao hukata njia, kwa sababu mistari miwili inayopishana bila kuwa na nodi ya pamoja, yaani nukta ya makutano, haijaungana. Ili nijue ukubwa wa tatizo niliendesha `v.net.components` ya GRASS, programu ya ramani, inayoipa kila sehemu iliyojitenga namba yake. Nikazipaka sehemu hizo rangi tofauti, na vipande vilivyokatika vikajitokeza mtaa kwa mtaa.

Kitu cha kwanza ambacho wengi hufanya ni kutumia `snap` ya `v.clean`, zana ya GRASS ya kusafisha mistari. Kwa kosa langu haikutosha, kwa sababu huvuta nukta kwenda kwenye nukta nyingine iliyo karibu. Uchochoro wangu ulipaswa kugusa katikati ya kipande kirefu kilichonyooka, na hapo hapakuwa na nukta ya kunasa. Ukiongeza umbali ili ifike nukta ya mbali, nukta za barabara mbili zinazokwenda sambamba huanza kuvutana. Barabara ya Nyerere ina njia mbili zilizotenganishwa, na sikutaka zigusane hata kidogo.

Kwa hiyo nilirefusha kila ncha ili pengo liwe mkia, kwa sababu mkia ni rahisi kuukata. Kabla ya yote nilihakikisha tabaka la barabara liko kwenye mfumo wa majira wa EPSG:32737, ambako vipimo ni mita. Kwenye mfumo wa digrii, kurefusha kwa 2 kungekuwa zaidi ya kilomita 200. Halafu nikanasa ncha kwa ncha kwa mita 1, kwa chaguo la QGIS, programu nyingine ya ramani, liitwalo `Snap end points to end points only`. Hatua hii ni ya barabara moja iliyochorwa vipande viwili: ncha zake zikipishana kidogo, kurefusha kutazifanya zipite kandokando bila kukutana.

Ndipo nikatumia `Extend lines`, mita 2 kila upande. Nilichagua 2 baada ya kupima umbali wa kila ncha inayoning'inia hadi mstari wa jirani: karibu mapengo yote yalikuwa chini ya hapo, na njia mbili za Nyerere ziko mbali zaidi ya hapo. Kisha:

```
v.clean input=barabara output=barabara_safi type=line tool=break,rmdupl,rmdangle threshold=0,0,4 error=makosa
```

Mpangilio huu haubadilishwi. Mkia hauwi kipande cha peke yake mpaka `break` ikate mstari pale unapopishana na mwingine. Ukitanguliza `rmdangle`, inayofuta mikia mifupi, itaiona barabara nzima, ndefu, na kuiacha. Ile 4 nayo ina hesabu yake: mita 2 za kurefusha, mkia mrefu wa zamani wa mita 1.5, na nafasi kidogo. Ukiweka 20 utafuta vichochoro halali vinavyoishia mlangoni kwa watu.

Daraja la Mfugale lilihitaji uangalifu wa pekee. Pale Tazara Barabara ya Nyerere inapita juu ya Mandela, lakini `break` haijui juu wala chini; ingeweka makutano hewani na gari lingeelekezwa kukunja kona katikati ya daraja. Nilikitoa kipande cha daraja kabla ya kusafisha, nikakirudisha mwishoni na kuzinasa ncha zake kwa mkono.

Kuna hatari moja ambayo njia hii haiwezi kuizuia yenyewe. Uchochoro unaoishia ukutani, na nyuma ya ukuta huo kuna barabara ndani ya mita 2, utaunganishwa. Basi nilitoa orodha ya ncha zilizokuwa zikining'inia mwanzoni na sasa haziko, nikazipitia moja moja juu ya picha. Pale ambapo kivuli cha mabati kilificha ukuta, tuliuliza wakazi.

Nilipoendesha `v.net.components` tena, karibu kila kitu kilikuwa sehemu moja. Vipande vichache vilivyobaki vilikuwa barabara za ndani ya maeneo yenye uzio ambazo hatukuwa tumechora mageti yake, na hivyo nikavirudisha kwa wachoraji badala ya kuviunga kwa kubahatisha.