Majani ya Chini au ya Juu?

Januari ya mwaka wangu wa pili katika kazi ya ugani, wilayani Mbozi, nilipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja nisiyemfahamu: "Habari za kazi, bwana shamba. Mahindi yangu yamefika magotini na yanageuka njano. Niweke mbolea gani?" Hakutaja kijiji. Nilimjibu, "Nzuri, mama, pole na shamba. Njano imeanzia majani ya chini, au yale machanga ya juu?"

Swali hilo moja ndilo lililobeba jibu lote. Mmea uliopungukiwa naitrojeni huinyonya kutoka majani yake makuukuu ili kuyalisha machanga, kwa hiyo njano huanzia chini, kwenye ncha ya jani, ikaingia ndani kwa kufuata mshipa wa kati mfano wa herufi V. Salfa haihami kwa wepesi huo, hivyo upungufu wake huonekana kwanza juu. Na kama majani machanga yana mistari myembamba iliyokatikakatika, huenda ni ugonjwa wa milia unaoletwa na virusi, ambao hakuna mbolea inayouponya.

Hakujibu. Siku ya tatu nilipiga simu, ikaita hadi ikakata. Siku ya saba, nikijua kwamba muda wa kuweka mbolea ya kukuzia ulikuwa unapita, niliandika ujumbe wa kufunga mazungumzo, nao ulianza hivi: "Kwa kuwa hukunijibu…" Niliyafuta maneno hayo. Huenda simu ilikuwa ya kijana wake, au vocha ilimwishia, au alikwisha kupata msaada kwa jirani. Mimi nilikuwa nani wa kumdai maelezo?

Nilioutuma ulisema: "Mama, sijaweza kujua njano ilianzia wapi, kwa hiyo nakuachia njia mbili. Ikiwa ni majani ya chini, weka yurea udongo ukiwa na unyevu, kando ya shina bila kuligusa, kisha uifukie. Ikiwa ni ya juu, usinunue kitu kwanza. Nitumie picha ya jani au jina la kijiji, nije. Sitakusumbua tena, lakini namba hii ni yangu, hata baada ya mavuno." Nilisita kidogo kuhusu sentensi ya yurea, maana ningeweza kuonekana nimekwisha kuamua. Nikaiacha, kwa kuwa ilikuwa na "ikiwa" mbele yake, na kwa kuwa kumnyima kila kitu kwa sababu ya swali moja lisilojibiwa kungekuwa ni kumwadhibu.

Mwisho wa mwezi nilijaza daftari la taarifa, ambalo lilikuwa na safu ya "limetatuliwa" na nyingine ya "halijatatuliwa". Mwenzangu ofisini alinishauri niweke alama katika safu ya kwanza, kwa vile ushauri ulikwisha kutolewa. Niliziacha zote mbili wazi, nikaandika pembeni kwa kalamu ya risasi: "Tunasubiri: chini au juu?"