Jinsi tulivyoipa hakathoni yetu jina la kudumu

Hakathoni yetu ya kwanza, yaani mashindano ya kutengeneza programu kwa muda mfupi, ilikuwa na jina lenye sehemu nne: jina la kampuni iliyolipa gharama nyingi, jina la teknolojia iliyokuwa ikizungumzwa sana wakati huo, neno hakathoni, na mwaka. Wakati ule lilionekana jina kamili, kwa kuwa lilieleza kila kitu. Miezi minane baadaye, nilipoanza kuandika barua za kuomba udhamini wa mwaka uliofuata, niligundua kwamba hakuna hata sehemu moja ya jina lile niliyoweza kuendelea kuitumia.

Kampuni iliyotudhamini ilikuwa imebadilisha mipango yake na haikurudi. Hiyo ni haki yake, lakini jina lake lilikuwa limeshikamana na letu kiasi kwamba washindani wake wawili niliowafuata walinijibu jambo moja: hawawezi kulipia tukio ambalo watu wanalijua kwa jina la mpinzani wao. Teknolojia tuliyoitaja nayo ilikuwa imepoa, na washiriki walitaka kushughulikia mambo mengine. Lililotuumiza zaidi ni anwani ya tovuti. Mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo alikuwa ameisajili kwa nia njema kupitia akaunti ya kazini, na usajili ulipokwisha muda hatukuwa na uwezo wa kuuhuisha. Picha, majina ya washindi na kazi zao vilipotea, navyo ndivyo vitu ambavyo mdhamini mpya huomba kuviona kwanza.

Tulipoketi upya, watu wanne, tulikubaliana kwamba jina litakuwa na shina lisilobadilika na viambatisho vinavyoweza kubadilika. Shina ni neno moja, letu wenyewe, lisilotaja mdhamini, teknolojia wala mwaka. Kiambatisho cha kwanza ni maelezo mafupi ya tukio, cha pili ni mwaka, na cha tatu ni jina la mdhamini mkuu, ambalo huandikwa baada ya maneno “kwa udhamini wa”. Katika maelezo haya nitatumia neno “shina” mahali pa jina lenyewe, kwa sababu ninachotaka kueleza ni namna tulivyolipata.

Tuliandika maneno ishirini na tatu ubaoni. Nililolipenda mimi lilikuwa “Ng’amua”, na nililitetea kwa muda mrefu, kwa kuwa linasema hasa kile ambacho mshiriki anakuja kufanya. Lilianguka kwa sababu ya ritifaa. Anwani ya tovuti haikubali alama hiyo, na katika mitandao ya kijamii alama ya reli hukatika inapoifikia, hivyo anayetafuta hupata herufi mbili za mwanzo tu. Tukiiondoa, tunabaki na “Ngamua”, ambalo msomaji makini hulitamka kwa sauti tofauti na lisilo na maana yoyote. Tangu hapo tuliweka sharti kwamba neno liandikwe kwa herufi za kawaida pekee, kisha tukalipima kwa simu: mmoja wetu alimpigia mtu asiyehusika, akalitamka mara moja, akamwomba aliandike. Maneno saba yaliandikwa vibaya, nasi tukayafuta bila mjadala.

Mengine mawili yalijengwa juu ya majina ya programu mashuhuri. Watu wengi hudhani kuwa programu ikiwa huria, jina lake nalo ni huria, na sivyo. “Python” na “PyCon”, jina la mikutano yake, ni alama za biashara za Python Software Foundation, na “Linux” ni alama ya biashara ya Linus Torvalds inayosimamiwa kupitia Linux Foundation. Ruhusa inaweza kupatikana, na jumuiya nyingi zimeipata, lakini ina masharti, na jina lako linabaki chini ya uamuzi wa mtu mwingine. Kwa tukio linalotaka uhuru wa kubadili mada kila mwaka, sikuona faida yake.

Majina ya maelezo matupu, kama vile “Kongamano la Teknolojia”, yana kasoro iliyo kinyume na hiyo. Hayamkeri mtu yeyote, ila ofisi za alama za biashara kwa kawaida hukataa kusajili neno linaloeleza huduma tu, na mtu mwingine anaweza kulitumia kesho bila ya wewe kuwa na la kusema. Maneno yaliyobaki tuliyatafuta katika Global Brand Database, hifadhidata ya bure ya WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, tukiangalia hasa daraja la 41 la mfumo wa Nice wa kupanga bidhaa na huduma, ambamo huingia huduma za kuandaa makongamano na mafunzo. Neno moja zuri lilikuwa tayari limesajiliwa katika daraja hilo na mwandaaji mwingine, tukaliacha.

Shina tulilolichagua lina silabi tatu. Anwani yake tuliisajili kwa jina la chama chetu, kwa barua pepe inayosomwa na watu watatu, na tukalipia miaka mitano kwa mkupuo. Kila mwaka una sehemu yake chini ya anwani hiyo hiyo:

```
https://shina.example/2023/
https://shina.example/2024/
```

Ukurasa wa mwanzo humpeleka msomaji kwenye mwaka wa sasa, nayo ya zamani haiguswi. Mpangilio wa namna hii hauna upya. FOSDEM, mkutano wa programu huria ulioanza mwaka 2000 kwa jina OSDEM kabla ya kuongezewa herufi F, huhifadhi miaka yake iliyopita katika archive.fosdem.org. Mwaka tunauandika kwenye anwani na kwenye fulana. Katika barua kwa wadhamini tunataja awamu, yaani “awamu ya tatu”, kwa kuwa anayeidhinisha fedha hutaka kujua tukio limedumu kwa kiasi gani, na namba ya awamu haionyeshi pengo iwapo mwaka mmoja ulirukwa.

Maelezo yanayofuata shina yalitushughulisha kuliko nilivyotarajia. Ofisa wa fedha wa kampuni moja aliniuliza kama tukio letu ni mashindano au mafunzo, kwa sababu mashindano yangelipiwa na idara ya matangazo na mafunzo yangelipiwa na idara ya ajira. Kama neno hakathoni lingekuwa ndani ya shina, jibu lingekuwa limekwisha kutolewa. Mwaka ule tuliandika “hakathoni na siku ya mafunzo”, na idara zote mbili zikachangia.

Kilichobaki kilikuwa mkataba. Tuliongeza kifungu kinachosema kwamba shina na nembo ni mali ya chama, kwamba mdhamini anaruhusiwa kuvitumia katika matangazo ya awamu anayoilipia pekee, na kwamba hawezi kusajili alama ya biashara wala anwani yenye shina hilo. Mdhamini mmoja alitaka jina lake litangulie shina, na alikuwa na fedha za kutosha kutushawishi. Badala yake tulimpa tuzo kuu, nayo ikabeba jina lake kwa mwaka mmoja. Alifikiri kwa wiki mbili, akakubali. Katika awamu iliyofuata mshindani wake alichukua ukumbi wa mafunzo, na nembo zao zikakaa katika ukurasa mmoja, chini ya jina ambalo si la yeyote kati yao.