Siku yangu moja kwenye jukwaa la lipu, Gungu

Saa 12 asubuhi

Nafika saiti kabla ya mafundi wa lipu, kwa sababu hakuna anayepanda mpaka mimi nimezunguka. Kazi yangu ni jukwaa: mirunda, mbao na kamba. Wiki hii tuko Gungu, hapa Kigoma, kwenye nyumba ya ghorofa moja ya mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi. Leo tunaanza ukuta wa magharibi, unaotazama ziwani. Una urefu wa mita 11 na kwenda juu ni mita 6 na ushee.

Jukwaa nililisimamisha jana: mirunda 16 ya mkaratusi, safu mbili za mirunda minane, kila mmoja mita 1.6 kutoka kwa mwenzake. Mtu akiwa anajenga tofali, safu moja ya nje inaweza kumtosha, kwa sababu vile vipingo vinavyobeba mbao anavichomeka ukutani. Kwenye lipu ya nje sikubali. Kila tundu lililoachwa ukutani litazibwa baadaye, na kiraka hakifanani na lipu iliyopigwa kwa mkupuo mmoja. Mvua za Novemba zikija, maji yanaanza kupenya hapo hapo. Kwa hiyo jukwaa langu linasimama kwa miguu yake na halikai juu ya ukuta hata kidogo.

Lakini jukwaa lisilokaa ukutani linaweza kuuacha ukuta. Hilo ndilo linaloniamsha mapema.

Saa 1

Nakagua kamba, moja moja, kwa kuivuta kwa vidole viwili. Natumia kamba ya katani. Jana jioni vijana waliumwagia ukuta maji ili leo tofali zisinyonye maji ya udongo wa lipu, na kamba nazo zikalowa. Katani ikilowa hujikaza, ndiyo maana asubuhi kila fundo linakuwa gumu kama chuma na mtu anaridhika. Ikikauka inalegea. Mrunda nao ukiwa mbichi unasinyaa kadiri siku zinavyokwenda, na fundo linabaki limeshika hewa. Kwa sababu hiyo nafunga kamba ikiwa kavu, halafu napigilia kabari ndogo ya mti kati ya kamba na mrunda. Saa 6 mchana nitazipigilia tena.

Wapo wanaotumia misumari ya inchi nne peke yake. Msumari unabeba vizuri mzigo unaoukata kwa upande, ila mrunda ukivutwa kwenda nje msumari unachomoka, na mkaratusi hupasuka kwa urahisi. Mimi napigilia kipande cha mti chini ya mrunda wa kulala uwe kama kiti chake, kisha kamba inaushika.

Saa 2

Mafundi wawili wanapanda na vijana wao. Lipu tunaanza juu tukishuka chini, maana ukianza chini, udongo unaodondoka unachafua kazi iliyokwisha. Mbao zote 12 ziko mita 4.5 kutoka ardhini, hapo fundi anafika mwisho wa ukuta bila kunyoosha mwili sana. Ni mbao za inchi 2 kwa 8, urefu futi 12, tatu zimelala sambamba kutoa upana wa sentimita 60. Kila mbao imekaa juu ya vipingo vitatu na kuzidi kidogo tu mwishoni, shubiri moja. Ikizidi zaidi inageuka mtego: mtu akikanyaga ncha, upande wa pili unanyanyuka.

“Ndoo wekeni karibu na mirunda, msiweke katikati,” nawaambia vijana. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo inakaribia kilo 40. Ndoo nne katikati ya mbao moja ni sawa na watu wawili wamesimama hapo bila kushuka siku nzima.

Asubuhi upande huu una kivuli, kazi inakwenda vizuri. Napita kwenye ukuta wa kusini kuanza kuchimbia mirunda ya kesho.

Saa 5 na nusu

Nikiwa chini nasikia fundi akiita, “Dogo, nitolee huu mti, nataka kumalizia kona za dirisha.”

Mti wenyewe ndio mshikizo wangu. Ghorofani kuna madirisha mawili makubwa upande huu, bado hayajawekwa fremu wala nondo. Ndani ya kila dirisha nimelaza mrunda mrefu kuliko uwazi, umezidi sentimita 30 kila upande, kwa hiyo hauwezi kupita. Mrunda mwingine umefungwa kwenye huo, unatokea katikati ya dirisha na kufungwa kwenye safu zote mbili za jukwaa. Jukwaa likitaka kwenda nje, mrunda wa ndani unaukumbatia ukuta.

Nilipofika, kijana alishaufungua.

Kwa macho huoni kitu. Mimi huwa natazama mambo mawili. La kwanza ni nafasi kati ya ukingo wa mbao na ukuta: asubuhi ilikuwa shubiri yangu moja kamili, sasa ilikuwa shubiri na vidole viwili. La pili ni uzi wenye jiwe ninaouning'iniza kwenye mrunda wa kona, na jiwe lilikuwa limeachana na alama yake. Fundi wa lipu anaposugua kibao ukutani, ukuta nao unamsukuma yeye nje, na miguu yake inalisukuma jukwaa. Kamba zilikuwa zimeshaanza kulegea kwa kukauka. Mshikizo mmoja tu ndio uliokuwa umebaki.

“Kaka, acha kibao. Shukeni mmoja mmoja, taratibu, msiguse ndoo.”

Alibisha kwanza, udongo utaganda. Nikamwambia, “Udongo nitakulipa.” Wakashuka.

Sikupaza sauti, kwa sababu watu wakishtuka hukimbilia ngazi wote pamoja. Miaka ya nyuma, kwenye saiti nyingine, nililiona jukwaa likilala nje hivyo hivyo, kwa dirisha moja lililofunguliwa, na fundi aliyekuwa juu hakurudi tena kwenye kazi ya lipu.

Saa 7

Tumelivuta jukwaa kwa kamba mbili kutokea ndani, taratibu, mpaka jiwe likarudi kwenye alama. Kona za dirisha lazima zipigwe, fundi hana kosa kuzitaka. Kosa ni mpangilio. Kuna kidirisha cha choo kati ya yale makubwa mawili. Tumefunga mshikizo mpya hapo kwanza, nikaujaribu kwa kuutingisha, ndipo nikakubali ule wa dirisha kubwa ubaki umefunguliwa. Mpya kwanza, wa zamani baadaye. Kijana nimempandisha aufunge kwa mikono yake, nikisimama pembeni yake.

“Shikamoo Mama,” nikamwamkia mwenye nyumba alipofika na kukuta watu wamekaa chini. Nilimweleza yote. Akatazama dirisha, akasema, “Marahaba, baba. Shukeni wazima.”

Saa 8 hadi 10

Jua limeshafika upande wetu na upepo wa ziwa umeanza, lipu inakauka haraka. Kabari zote nimezipigilia upya. Mafundi wamemaliza kona, nikarudisha mshikizo ndani ya dirisha lile lile, mrunda ukipita katikati bila kugusa lipu mbichi.

Saa 11

Tunashusha mbao hadi mita 3. Mirunda ya kulala ya juu naiacha mahali pake, inashikilia jukwaa lisiyumbe. Vijana wanamwagia maji sehemu ya kesho, na kamba zinalowa tena.

Ngazi naiingiza ndani na kufunga mlango. Watoto wa jirani wanapenda kupanda.