Navyotafuta muvi fupi kali, na Pumzi ilivyonionyesha zinavyosimuliwa

Ukiandika tu "short film" YouTube unamwagiwa vichekesho na matrela, so mi siku hizi naanzia kwenye matamasha. Nachukua orodha ya washindi wa Clermont-Ferrand, lile tamasha la Ufaransa la muvi fupi, au ZIFF ya Zanzibar, halafu narudi nyuma miaka miwili mitatu. Ya mwaka huu huipati kirahisi, kuna matamasha hayapokei kitu ambacho kishawekwa mtandaoni kwa hiyo dairekta anaifungia na paswedi mpaka imalize kuzunguka, baadaye wengi wanaiachia bure. Hapo nasechi jina la dairekta kwenye Vimeo, mtandao wa video kama YouTube, maana majina ya muvi yanafanana mno. Nikiwa mvivu nafungua tovuti ya Short of the Week au Staff Picks za Vimeo, zote zinachaguliwa na watu. Omeleto, chaneli ya YouTube, nayo ina mzigo mkubwa ila nyingine zinategemea twisti ya mwisho tu, ukishaijua hurudii.

Na filta ya muda ya YouTube inakata kwenye dakika 20, wakati hata Oscar wanakubali fupi ifike dakika 40, kwa hiyo angalia na zile za zaidi ya 20.

Sasa usimuliaji. Chukua Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ya 2009, dakika ishirini na kidogo. Dunia imekauka baada ya vita ya maji, watu wanaishi ndani tu. Muvi ndefu ingekupa hiyo vita, viongozi, familia ya Asha ambaye ndo mhusika mkuu, labda na mchumba juu. Hapa vita unaipata kwenye vipande vya magazeti mwanzoni, basi, halafu unamwona Asha anakusanya jasho na mkojo wake unasafishwa anaurudisha kwenye chupa, anammiminia kidogo na mama anayesafisha choo. Hakuna aliyekuelezea bei ya maji lakini ushaijua, na huo ukarimu unafanya kazi mara ya pili maana huyo huyo mama ndo anamsaidia kutoroka baadaye! Kwenye muvi ndefu wangekuwa wahusika wawili na skripti isingeumia.

Swali nalo ni moja tu: Asha katumiwa udongo, mbegu aliyoiweka humo imeota, je atatoka nje kuipanda au la? Wakubwa wanakataa na muvi haikai kuwachambua, hatuambiwi hata udongo kautuma nani. Muvi ndefu ingekudai hilo jibu, ukikaa saa mbili lazima ulitake.

Kuna fupi nyingi ambazo kiukweli ni ndefu iliyokatwa, maombi ya bajeti tu. Nazijua hivi, dakika ya tano bado wanatambulishwa watu wapya na kila mmoja ana tatizo lake, halafu inaisha pale safari inapoanza. Hizo nazima mapema, bando lenyewe la kubahatisha.