Barua ya kumwambia mtu hakupata kazi

Juzi binti wa kaka yangu kanitumia barua aliyojibiwa baada ya intavyu, anauliza, "Shangazi, hapa nimekataliwa au nisubiri?" Nimeisoma mara mbili na nikamkumbuka kijana mmoja.

Nilikuwa upande wa ajira, tunatafuta mhasibu msaidizi. Barua yetu ya zamani ilisema wasifu wako utahifadhiwa kwa nafasi zitakazojitokeza. Kijana huyo tuliyemtumia barua hiyo akanipigia simu. "Dada, samahani kukusumbua, kuna sehemu wamenipa kazi na wanataka jibu leo, sasa nyie mlisema mmenihifadhi, niwakatalie?" Anaongea polepole, kwa adabu kabisa, na nyuma nasikia mtu anamwambia muulize mwezi gani. Faili lake lilikuwa kabatini na hakuna aliyepanga kulifungua tena. Nikamwambia kubali hiyo kazi, leo leo.

Jioni ile nikaketi na bosi tukaiandika upya. Bosi aliutaka ule mstari ubaki, eti unapunguza makali. Nikamwambia bosi, mtu anapanga maisha yake juu ya mstari huo. Mwisho ikawa hivi:

"Asante kwa kuja kwenye usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi. Nafasi hiyo tumempa mwombaji mwingine na ameshasaini mkataba, hivyo ajira hii imefungwa. Zoezi lako la kulinganisha daftari na taarifa ya benki tulilisoma lote. Maombi haya hatutayatumia kwa nafasi nyingine. Tukitangaza tena unaweza kuomba upya. Ukitaka kujua usaili wako ulikwendaje, nijibu hapa kabla ya Ijumaa ijayo."

Chini jina langu, siyo "Uongozi". Jibu linakaa mwanzoni, maana mtu akifungua barua kama hiyo anatafuta kitu kimoja tu, na ukimzungusha kwenye sifa za kampuni unamtesa. Ile sentensi ya zoezi tunaibadilisha kwa kila mtu, na kama hatukulisoma tunaitoa. Na barua haitumwi mpaka aliyechaguliwa asaini, kwa sababu akighairi utamrudia nani? Ila wa pili yeye hatukumwacha gizani, nilimpigia nikamwambia wazi wewe ni wa pili, tunasubiri jibu la mwenzako mpaka Jumatano, usisimamishe mambo yako.

Kinachonisumbua mpaka leo ni wale walioandika kuuliza usaili wao. Wengi nilikuwa na la kuwaambia, mfano mmoja alipata jumla sahihi lakini hakuonyesha hundi zipi hazijapita benki. Ila kuna mmoja hakukosea kitu, mwenzake alikuwa na uzoefu zaidi basi. Nilimwandikia hivyo hivyo, kwamba hakuna cha kurekebisha. Hakujibu, na sijui kama nilimsaidia au nilimuumiza zaidi.