Bango la A1 kwa karatasi tisa za A4

Maulidi yakikaribia hapa Lamu, bango la ratiba huhitajika ukutani, nami hulitoa kwenye printa ya kawaida ya nyumbani. Kazi yote imo kwenye hesabu ya kwanza.

Kwa vipimo, A2 ni A4 nne. Lakini printa nyingi za nyumbani hazifikishi wino hadi ukingoni. Ikiwa yako huacha milimita 5 kila upande, A4 ya 210 kwa 297 hubaki na 200 kwa 287 za kuchapia. Pia zahitajika milimita 10 za mpishano, yaani kipande cha picha kinachorudiwa kwenye karatasi mbili jirani. Basi kila karatasi inayofuata huongeza 190 tu kwa upana na 277 kwa urefu. Karatasi mbili kwa mbili hufunika 390 kwa 564, na A2 ni 420 kwa 594. Haienei, kwa hiyo itakula tisa. Na hizo tisa, tatu kwa tatu, hufunika 580 kwa 841, karibu A1 nzima, ambayo ni 594 kwa 841! Ndiyo maana huchora A1 na kuipunguza hadi asilimia 97. Tena kwa safu tatu mshono haupiti katikati ya bango, pale penye maandishi makuu.

Kwenye Adobe Reader nafungua Print, nachagua Poster, naandika 97 kwenye Tile Scale na milimita 10 kwenye Overlap, kisha naweka alama Labels ili kila karatasi ijulikane nafasi yake. Picha ya pembeni ikionyesha zaidi ya karatasi tisa, kingo za printa yako ni pana zaidi. Shusha asilimia kidogo kidogo. Chapa zote kwa mkupuo mmoja, maana unyevu wa pwani hutanua karatasi iliyokaa wazi na mistari haitakutana tena.

Kukata kuna siri yake. Karatasi ya kushoto iache na ukingo wake wa kulia. Ile ya kulia ikate upande wa kushoto kwa wembe na rula ya chuma, ukiingia milimita 3 ndani ya picha. Ukikata penye mwisho wa weupe hasa, uzi mweupe hubaki kwenye mshono. Ukiingia ndani, hupotezi kitu, kwani picha ileile iko chini yake. Unga kila safu ya kulala kwanza, kisha kata ukingo wa juu wa safu ya pili na ya tatu vivyo hivyo na uziunganishe.

Tumia gundi ya kijiti. Gundi ya maji hukunja karatasi, na wino wa printa nyingi za wino wa maji huchujuka. Mandhari ya rangi nzito huonyesha mishono. Nyeupe huificha vizuri zaidi, na wino hautaisha kwenye karatasi ya sita.